Baada ya Usaili Mzuri: Nani Akusemee, na Aambiwe Nini?

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Tanzania, humtaka mwombaji aandike katika wasifu wake majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Benki, kampuni binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali, Dar es Salaam kama Nairobi, nayo huomba wawili au watatu. Sehemu hiyo ya wasifu ndiyo inayojazwa mwisho, mara nyingi usiku wa kuamkia siku ya kufunga maombi, na wengi huijaza kwa majina ya watu wenye vyeo wanaowafahamu. Baada ya hapo hakuna anayeifikiria tena mpaka usaili upite, jopo liridhike, na ofisa rasilimali watu ashike simu kuwatafuta watu hao.

Hapo ndipo waombaji wazuri wanapopoteza kazi walizokwisha kuzishika nusu. Hawazipotezi kwa sababu wamesemwa vibaya, maana mdhamini anayemsema mtu vibaya waziwazi ni nadra. Wanazipoteza kwa sababu mdhamini hakupokea simu, au alipokea akashindwa kukumbuka mwombaji alifanya kazi gani, au alieleza jambo lilelile kwa namna tofauti na alivyolieleza mwombaji mwenyewe. Uchambuzi huu unahusu siku chache kati ya usaili na ofa. Hoja yake ni kwamba orodha ya wadhamini iliyoandikwa wakati wa kuomba kazi haitoshi. Inapaswa kupitiwa upya siku ileile ya usaili, kwa kuangalia ni shaka gani jopo limebaki nayo.

Mwajiri anatafuta nini

Watu wengi hudhani mwajiri anapiga simu ili asikie sifa. Sifa anazo tayari, amezisikia kwenye usaili kutoka kwa mwenye nazo. Pia anajua kwamba mwombaji amewachagua wadhamini wake mwenyewe, kwa hiyo maneno kama “ni mchapakazi, mwaminifu, ana ushirikiano mzuri” hayana uzito kwake. Wataalamu wa saikolojia ya kazi Frank Schmidt na John Hunter, katika uchambuzi wao wa 1998 uliojumlisha tafiti za miongo mingi, walilinganisha njia za kuchagua wafanyakazi kwa kupima jinsi kila njia inavyotabiri utendaji wa baadaye. Kwa kipimo ambacho 1 ni utabiri kamili, usaili wenye maswali yaliyopangwa ulipata 0.51, na taarifa za wadhamini zikapata 0.26. Ofisa rasilimali watu mzoefu hajasoma takwimu hizo pengine, lakini anaujua ukweli wake kwa mazoea, ndiyo maana haulizi “ni mtu mzuri?” bali huuliza mambo yanayoweza kupimwa.

Maswali yake huenda kwa mpangilio unaofahamika. Kwanza huthibitisha mambo ya msingi: mdhamini alimjua mwombaji kwa nafasi gani, kuanzia lini hadi lini, cheo chake kilikuwa kipi, na aliondoka kwa sababu gani. Pili huingia kwenye kazi yenyewe, akichukua jambo moja au mawili aliyoyasema mwombaji kwenye usaili na kumwomba mdhamini ayaeleze kwa maneno yake. Tatu huuliza udhaifu, na kama kuna suala lolote la nidhamu. Mwisho huuliza swali ambalo maofisa wengi hulitegemea kuliko mengine yote: “Ukipata nafasi, ungemwajiri tena?” Jibu la “ndiyo” linalotoka mara moja lina maana yake. Ukimya kidogo, halafu “inategemea ni nafasi gani”, una maana yake pia, na wa pili huandikwa kwenye fomu.

Sehemu ya pili ndiyo inayoamua. Baada ya usaili mzuri jopo huwa limebakiwa na swali moja au mawili. Mwombaji aliye makini anaweza kuyatambua kabla hajatoka nje ya geti. Ni lile swali lililorudiwa kwa sura mbili tofauti, au lile lililofuatiwa na “hebu tupe mfano mwingine”, au lile ambalo baada ya jibu lake wajumbe wawili waliandika kwa pamoja. Hilo ndilo ofisa atakalolipeleka kwa wadhamini.

Mfano wa mhasibu wa Mwanza

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye mambo yanayotokea kila siku. Mhasibu mmoja wa Mwanza ameomba nafasi ya Afisa Fedha katika shirika la afya mjini Dodoma. Kazi hiyo ni kusimamia ruzuku zinazopelekwa kwa asasi ndogo mikoani na kuwaongoza wahasibu wasaidizi wawili. Yeye alianza kazi katika hospitali binafsi, akakaa huko miaka miwili, na sasa ana miaka mitatu katika shirika linaloendesha mradi unaokaribia kufungwa.

Kwenye wasifu aliandika wadhamini watatu: mkurugenzi mtendaji wa shirika lake la sasa, mhadhiri aliyemfundisha chuoni, na mchungaji wa usharika wake. Wote ni watu wa heshima na wote wangemsema vizuri. Usaili ulikwenda salama. Alieleza jinsi alivyogundua malipo ya posho za safari yaliyorudiwa kwa watumishi walewale, na jinsi fedha zilivyorejeshwa. Kuhusu asasi ndogo, alisema amewahi kwenda kukagua vitabu vya asasi tatu. Lakini kuhusu kuongoza watu aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili alijisikia anajibu kwa maneno mengi bila mfano wa maana.

Jioni hiyo akiitazama orodha yake kwa macho ya jopo, ataona tatizo. Mkurugenzi mtendaji anamjua kwa jina na kwa sahihi za hundi, hakuwahi kuketi naye kwenye hesabu. Mhadhiri alimwona mara ya mwisho akiwa mwanafunzi. Mchungaji anaweza kuapa juu ya tabia yake lakini hajui usuluhishi wa taarifa za benki ni nini. Kati ya mambo matatu ambayo jopo linataka kuyathibitisha, yaani malipo yaliyorudiwa, kazi na asasi ndogo, na uongozi wa watu, hakuna mdhamini aliyeliona hata moja. Ubaya zaidi ni kwamba mkurugenzi mtendaji hajui kama mhasibu wake anatafuta kazi kwingine.

Sasa aanze upya, safari hii akiuliza “nani aliona?” badala ya “nani mkubwa?” Malipo yaliyorudiwa yalionwa na aliyekuwa meneja fedha, mama ambaye alihamia shirika jingine miezi kadhaa iliyopita na ndiye aliyeidhinisha barua za kudai fedha zirejeshwe. Huyo anafaa kwa sababu mbili: alikuwa msimamizi wake wa moja kwa moja, na kwa kuwa ameshaondoka, kumpigia simu hakumwingizi mwombaji matatani kazini. Kazi na asasi ndogo ilionwa na mratibu wa asasi moja ya Geita, ambaye alikaa naye siku nzima wakipitia stakabadhi. Huyu si bosi wake, ni mtu wa upande wa pili wa meza, na ushahidi wa mtu aliyekaguliwa una nguvu ya pekee. Uongozi wa watu, ambao ndio shaka kubwa, hakuuonyesha kwenye kazi ya sasa hata kidogo. Lakini kule hospitalini mhasibu mkuu alimwachia zamu ya jioni pamoja na makeshia wawili kwa karibu mwaka mzima: kupanga zamu, kuhesabu makusanyo, kuandika taarifa ya upungufu. Alilisahau kwenye usaili kwa kuwa halikuwa kwenye cheo chake. Mhasibu mkuu hakulisahau.

Orodha mpya ikishapatikana, hatua yake ni fupi: barua pepe kwa ofisa rasilimali watu, kesho yake asubuhi, yenye shukrani ya mstari mmoja, majina matatu mapya, cheo cha kila mmoja, uhusiano wake na mwombaji, kipindi walichofanya kazi pamoja, namba ya simu na barua pepe ya ofisini. Kuna waombaji wanaoogopa kwamba kubadilisha wadhamini kutaonekana kama kuficha kitu. Ukieleza sababu, hakuonekani hivyo. “Naomba kuwaongezea wadhamini walionisimamia moja kwa moja kwenye kazi tulizozungumzia jana” ni sentensi ambayo ofisa yeyote huipokea kwa furaha, maana inampunguzia kazi.

Kabla ya kutuma, asome tena masharti ya fomu husika. Fomu ya maelezo binafsi ya Umoja wa Mataifa iliyozoeleka kwa jina la P11, kwa mfano, huomba watu watatu wasio ndugu wa mwombaji, na husema wazi kwamba majina ya wasimamizi yaliyokwisha kuandikwa kwenye historia ya kazi yasirudiwe hapo. Mwajiri mwingine hutaka kinyume chake: msimamizi wa sasa na wa kabla yake, basi.

Kumwomba na kumwandaa

Mdhamini aombwe upya kila kazi. Ruhusa aliyoitoa miaka miwili iliyopita haihesabiki, na kutoa namba yake bila kumuuliza ni kumkosea hata kisheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinamtambua mtu kuwa mwenye haki juu ya taarifa zake.

Namna ya kuomba ina umuhimu, kwa sababu kwetu mtu akiombwa jambo usoni ni vigumu akatae. Atakubali kwa aibu, halafu simu ikija atazungumza kwa ubaridi. Kwa hiyo ombi lenyewe limpe njia ya kukataa. Mhasibu wetu anaweza kumwandikia meneja wake wa zamani hivi:

“Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua. Jana nilifanya usaili wa nafasi ya Afisa Fedha katika shirika la afya, Dodoma, na wamesema watawapigia wadhamini wangu wiki hii. Nimekufikiria wewe kwa sababu ndiwe uliyeisimamia ile kazi ya posho zilizorudiwa. Ukiona unaweza kunisemea kwa kina, naomba nikupigie jioni tuongee kidogo. Na kama kwa sasa haiwezekani, niambie tu mama, sitavunjika moyo.”

Jibu lake lisomwe kwa makini. Anayeuliza “ni kazi gani hasa, na watapiga lini?” yuko nawe. Anayejibu “weka tu jina langu, hakuna shida” bila kuuliza lolote, au anayekaa siku tatu bila kujibu, hafai kuwa mdhamini wa kazi hii hata kama anakupenda. Na yupo anayesita kwa sababu nyingine kabisa: anadhani anaombwa kudhamini fedha, kama mtu anayeweka sahihi kwenye mkopo. Ni kweli baadhi ya waajiri, hasa kwa kazi za keshia na udereva, hudai pia mtu wa kulipa hasara ikitokea. Huo ni mkataba wa kuandikwa na kusainiwa, na aelezwe wazi kwamba hili siyo hilo. Hapa anaombwa maelezo tu.

Akishakubali, atumiwe mambo manne kwa ujumbe mmoja usiozidi ukurasa: tangazo la kazi au muhtasari wake, wasifu uleule uliopelekwa kwa mwajiri, jina la shirika na la ofisa atakayepiga kama linajulikana, na muhtasari wa yale mwombaji aliyoyasema kwenye usaili yanayomhusu mdhamini huyo. Hili la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linalookoa.

Fikiria kwamba kwenye usaili mhasibu alisema posho zilizorudiwa zilikuwa shilingi milioni 3.4 na zilizorejeshwa zilikuwa milioni 2.9. Meneja wake hana faili tena. Akiulizwa ghafla barabarani atasema “zilikuwa kama milioni tano hivi, nadhani zilirudi zote.” Hakuna aliyedanganya, lakini kwenye fomu ya ofisa kutaandikwa kwamba maelezo hayafanani, na kwa nafasi ya fedha hiyo ni alama mbaya. Mazungumzo ya dakika kumi yangelimaliza. Na huenda yakamsaidia kwa upande mwingine: meneja akisema “hapana, mwanangu, zile laki tano zilizobaki tulizikata kwenye mishahara mwezi uliofuata”, basi mwombaji ndiye aliyekosea. Njia safi ni kumwandikia ofisa rasilimali watu mara moja: nilisema hivi, nimekumbushwa kuwa ni hivi. Mhasibu anayesahihisha takwimu yake bila kuulizwa ameshajibu swali la uaminifu kabla halijaulizwa.

Katika mazungumzo hayohayo amuulize mdhamini jambo ambalo wengi hawathubutu: “Wakikuuliza udhaifu wangu, utasema nini?” Atajifunza mambo mawili. Kwanza, kama jibu linalingana na udhaifu aliousema mwenyewe kwenye usaili. Pili, kama kuna jambo zito ambalo hakulijua. Mdhamini akisema “wewe ulikuwa unachelewa kufunga hesabu za mwezi kwa sababu hukutaka kugawa kazi”, asimbembeleze aliseme kwa upole. Amweleze alichokibadilisha tangu wakati ule, na amwache aseme ukweli wote wawili, wa zamani na wa sasa. Udhaifu unaotajwa na pande mbili kwa maneno yanayofanana humtuliza mwajiri kuliko mdhamini anayesema “hana udhaifu wowote”. Ofisa akisikia hivyo huanza kujiuliza anaficha nini.

Hapa kuna mpaka usiovukwa. Kumkumbusha mtu alichokiona ni haki. Kumfundisha aseme asichokiona ni udanganyifu. Maofisa wana njia rahisi za kuugundua. Hupiga namba ya mapokezi ya ofisi badala ya namba ya mkononi waliyopewa, hulinganisha anwani ya barua pepe na jina la taasisi, na huuliza swali dogo ambalo msimamizi wa kweli hulijibu bila kufikiri: mlikuwa mnafunga hesabu tarehe ngapi, aliyempokea kazi alikuwa nani? Rafiki aliyejifanya meneja huishia hapo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanaonya kuwa anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na katika sekta binafsi jina huharibika kabla ya hatua yoyote.

Bosi wa sasa, simu za pembeni na kuondoka kwa mgogoro

Shida inayowasumbua waombaji wengi ni msimamizi wa sasa. Akijua mapema, mradi unaokaribia kufungwa unaweza kufungwa kwako kwanza. Mwajiri mzuri analielewa hili. Hata ile P11 ina swali la kama mwombaji ana pingamizi lolote taarifa zake zikiulizwa kwa mwajiri wa sasa. Kwa hiyo aseme mapema na kwa maandishi: “Naomba msimamizi wangu wa sasa aulizwe baada ya ofa ya awali tu, na nitamjulisha mwenyewe.” Halafu atoe mbadala mwenye uzito, kama tulivyoona: msimamizi aliyehama, mkuu wa kitengo kingine walichoshirikiana nacho, au mshirika wa nje. Asiache nafasi hiyo wazi.

Ofa ya namna hiyo huwa na masharti: utaajiriwa kama taarifa zako zikithibitika. Mpaka barua isiyo na masharti ifike, barua ya kuacha kazi isiandikwe. Tanzania na Kenya, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi kwa kawaida hudaiwa notisi isiyopungua siku 28, na mtu aliyekwisha kuitoa akakosa ofa hana kazi hata moja. Tarehe ya kuanza iombwe kwa kuhesabu siku hizo kuanzia barua ya mwisho.

Simu za pembeni nazo zipo. Sekta ya miradi ya maendeleo katika Dodoma, Arusha au Kisumu ni ndogo. Mjumbe wa jopo atamkuta mtu anayemjua mwombaji na kumuuliza bila kumwambia mwenyewe. Hakuna orodha inayoizuia simu hiyo. Kinga yake ni kwamba sababu ya kuondoka kazini iliyoandikwa kwenye wasifu, iliyosemwa kwenye usaili na inayojulikana ofisini iwe moja.

Na aliyeondoka kwa mgogoro afanyeje? Alitaje yeye kwanza, baada ya usaili na kabla ya simu, kwa sentensi chache zisizo na lawama: nini kilitokea, kiliishaje, na nani anayeweza kukithibitisha. Kisha atafute mtu aliyekuwepo wakati huo na anayejua upande wake wa kazi, hata kama hakuwa msimamizi. Asichopaswa kukifanya ni kukiruka kipindi hicho kwenye wasifu. Pengo la miezi minane linalogunduliwa na ofisa humuumiza zaidi kuliko mgogoro unaoelezwa na mwenyewe.

Ofisi inaposema kidogo

Kuna jibu moja linalowatisha waombaji bila sababu: ofisi ya zamani kujibu kwa tarehe na cheo tu. Hilo mara nyingi ni sera. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inadai cheti kama hicho, chenye tarehe za kuanza na kuacha, aina ya kazi na mahali pake. Lakini inaongeza kwamba mwajiri halazimiki kutoa maelezo ya tabia au utendaji. Uingereza, katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance ya 1994, mahakama ya juu kabisa iliamua kwamba mwajiri anayeandika taarifa za mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa makini, na akizembea akamharibia anaweza kudaiwa. Tangu hapo ofisi nyingi, hasa za kampuni na mashirika ya kimataifa, huona ni salama kusema kidogo.

Mashirika ya misaada yameongeza hatua nyingine. Mwaka 2018 gazeti la The Times la London lilifichua kwamba mkurugenzi wa Oxfam nchini Haiti aliondoka mwaka 2011 katikati ya uchunguzi wa mwenendo wa kingono, kisha akaajiriwa na shirika jingine huko Bangladesh. Shirika hilo lilieleza kuwa halikupewa onyo lolote, na kwamba lilipata sifa njema kutoka kwa watu waliowahi kufanya kazi Oxfam, wakisema kwa nafsi zao. Mwaka uliofuata ukaanzishwa utaratibu wa mashirika kuulizana rasmi kama mwombaji ana kosa la unyanyasaji au udhalilishaji wa kingono lililothibitika katika miaka mitano iliyopita. Swali hilo huenda kwa ofisi, halijibiwi na rafiki. Kwa mwombaji maana yake ni kwamba kwa kazi za mashirika haya anahitaji vitu viwili kwa pamoja: anwani ya ofisi ya rasilimali watu ya kila mwajiri wa zamani, na mtu aliyeiona kazi yake. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Ofisi ikiwa imefungwa kabisa, kama inavyotokea miradi inapokwisha, cheti cha utumishi, mikataba ya kazi na taarifa ya michango ya NSSF vitathibitisha tarehe na jina la mwajiri. Taarifa ya michango iombwe mapema, isingoje simu.

Siku za kusubiri

Kinachobaki ni mambo madogo ambayo yameshawaangusha wengi. Wadhamini waambiwe simu itatoka kwa namba ngeni, waipokee. Anayekwenda vijijini kusiko na mtandao au anayeingia likizo ajulikane mapema, na mdhamini wa nne awe tayari. Fomu za kujazwa mtandaoni mara nyingine huangukia kwenye barua taka, kwa hiyo mdhamini ajulishwe aziangalie huko. Aliyeko Muscat au London ataarifiwe saa ya huku na ya kwake.

Ikipita wiki bila neno, swali la kumpelekea ofisa si “mmefikia wapi?” Ni hili: “Kuna mdhamini yeyote ambaye hamjampata, nisaidie kumtafuta?” Swali hilo linajibika, na mara nyingi jibu lake ni jina la mtu mmoja aliyesahau kupokea simu. Wadhamini nao wapigiwe kushukuriwa mambo yakiisha, ofa ije au isije, maana ndio utakaowaomba tena.

Kama usaili wako umekwenda vizuri wiki hii, fungua wasifu wako leo, soma majina matatu yaliyo chini, na kwa kila jina ujiulize: huyu aliona nini? Usipopata jibu, mbadilishe kabla hajapigiwa.